Vipimo Vitatu, Rangi Milioni Kumi na Sita

Fungua ukurasa mweupe kwenye simu yako, kisha dondosha tone dogo sana la maji juu ya kioo. Tone hilo linageuka lenzi. Ukilitazama kwa karibu utaona kwamba weupe haupo tena. Kilichobaki ni vitaa vidogo vidogo vya nyekundu, kijani na bluu vilivyopangwa bega kwa bega. Futa tone, na weupe unarudi. Hiyo ndiyo nuru yote ambayo simu inayo. Njano ya ndizi, kahawia ya ngozi, buluu ya bahari, zote zinatoka kwenye taa hizo tatu, kila moja ikiwashwa kwa kiasi chake.

Kwa kawaida kila taa ina ngazi 256, kuanzia 0 hadi 255. Zidisha 256 kwa 256 kwa 256, utapata rangi 16,777,216. Sasa mfikirie fundi kiwandani anayetaka kujua kioo alichokitengeneza kinatoa nuru gani hasa kwa kila rangi katika hizo. Akipima rangi moja kwa sekunde moja bila kulala, atamaliza baada ya zaidi ya miezi sita. Hafanyi hivyo. Anapima nyekundu peke yake, kijani peke yake na bluu peke yake, kisha anakaa mezani na kukokotoa zilizobaki. Nataka tuone kwa nini hesabu yake inakubalika, na ni wapi inaweza kumponyoka.

Tuanze na kipimo chenyewe. Kifaa cha kupimia rangi huelekezwa kwenye kioo na kutoa namba tatu, ambazo kwa desturi huitwa X, Y na Z. Namba hizo zilikubaliwa mwaka 1931 na Tume ya Kimataifa ya Mwangaza, inayofahamika kwa herufi CIE. Y ndiyo inayoeleza mng'ao, yaani jinsi nuru inavyoonekana kuwa kali machoni. X na Z zinakamilisha habari ya rangi. Nuru mbili zenye X, Y na Z zinazolingana zitaonekana sawa kwa jicho la kawaida, hata kama zimetoka kwenye taa za aina tofauti kabisa.

Kioo kinachofuata kiwango cha sRGB, kilichotolewa mwaka 1999 na ambacho bado kinaongoza picha nyingi za mtandaoni, kinatakiwa kutoa namba hizi. Nimezikadiria kwa desimali mbili, na kipimo kimechaguliwa ili mng'ao wa nyeupe kamili uwe 1. Nyekundu ikiwashwa yote inatoa (0.41, 0.21, 0.02). Kijani inatoa (0.36, 0.72, 0.12). Bluu inatoa (0.18, 0.07, 0.95). Ukitazama namba ya kati utaona jambo la kushangaza kidogo: kijani peke yake inabeba zaidi ya theluthi mbili za mng'ao wote, ilhali bluu, hata ikiwaka kwa nguvu zake zote, inachangia asilimia saba tu.

Fundi anataka kujua rangi ya chungwa inayopatikana kwa kuwasha nyekundu yote, kijani kwa nusu ya nuru yake, na kuizima bluu. Ili akokotoe bila kupima anahitaji mambo mawili yawe kweli. La kwanza: nuru mbili zikijumlishwa, vipimo vyake navyo vinajumlishwa. La pili: nuru ikipunguzwa nusu, kipimo chake kinapungua nusu, ikiongezwa mara tatu, kipimo kinaongezeka mara tatu. Hakuna sharti la tatu. Njia yoyote ya kugeuza vitu kuwa vitu vingine inayotimiza masharti haya mawili huitwa na wanahisabati mgeuzo wa mstari, na kile kinachotoka upande wa pili huitwa taswira.

Kwamba macho ya binadamu yanatii masharti haya katika kulinganisha rangi si jambo lililo wazi lenyewe. Aliyelieleza kwa ukamilifu ni Hermann Grassmann, mwalimu wa shule katika mji wa Stettin, ambao leo ni Szczecin nchini Poland. Katika makala yake ya mwaka 1853 kuhusu kuchanganya rangi alisema, kwa ufupi, kwamba nuru mbili zinazoonekana sawa zitaendelea kuonekana sawa ukiziongezea zote mbili nuru ileile. Kinachonigusa ni kwamba huyu ndiye mtu aliyekuwa ametoa, mwaka 1844, kitabu kilichobeba mawazo ya msingi ya aljebra ya mstari, kitabu ambacho wanahisabati wa wakati wake karibu wote walikipuuza. Baadaye aligeukia Kisanskriti, na huko alitunga kamusi ya Rigveda iliyomletea heshima aliyonyimwa kwenye hisabati. Mtu mmoja, basi, aliona kanuni ya rangi na kanuni ya vekta, na kwa kweli ni kanuni moja.

Turudi kwenye chungwa. Chungwa ni nyekundu moja, jumlisha nusu ya kijani. Kwa sharti la kwanza, kipimo cha jumla hiyo ni kipimo cha nyekundu jumlisha kipimo cha nusu ya kijani. Kwa sharti la pili, kipimo cha nusu ya kijani ni nusu ya kipimo cha kijani, yaani (0.18, 0.36, 0.06). Jumlisha na (0.41, 0.21, 0.02) upate (0.59, 0.57, 0.08). Fundi hajagusa kifaa chake.

Hebu tuseme kuna mafundi wawili, kila mmoja na fomula yake ya kutabiri vipimo, na fomula zote mbili zinatimiza yale masharti mawili. Wamekubaliana kuhusu rangi tatu tu: nyekundu, kijani, bluu. Je, wanaweza kutofautiana kuhusu chungwa, au kuhusu rangi nyingine yoyote? Hawawezi. Rangi yoyote ya kioo ni kiasi fulani cha nyekundu, tukiite r, kiasi cha kijani, g, na kiasi cha bluu, b. Sharti la kwanza linawalazimisha wote wawili kuivunja rangi hiyo vipande vitatu. Sharti la pili linawalazimisha kutoa r, g na b nje kama vizidishi. Vinavyobaki ndani ni vile vipimo vitatu ambavyo tayari wamekubaliana. Hapakubaki mahali pa kutofautiana. Fomula mbili zinazolingana kwenye taa tatu ni fomula moja iliyoandikwa mara mbili.

Ndiyo maana mgeuzo mzima unaweza kuandikwa kwa namba tisa tu:

```
X = 0.41 r + 0.36 g + 0.18 b
Y = 0.21 r + 0.72 g + 0.07 b
Z = 0.02 r + 0.12 g + 0.95 b
```

Soma namba hizo kutoka juu kwenda chini badala ya kushoto kwenda kulia. Safu wima ya kwanza ni kipimo cha nyekundu jinsi kilivyotoka kwenye kifaa. Ya pili ni kijani, ya tatu ni bluu. Jedwali hilo la namba tisa ndilo matriki, na wanafunzi wengi hufundishwa kuizidisha kwa miaka bila mtu kuwaambia kwamba safu zake wima ni taswira tu za vekta za msingi, zilizopangwa kwa zamu. Anayelijua hilo hana haja ya kukariri namna ya kuunda matriki. Anauliza kila vekta ya msingi imekwenda wapi, na jibu analiandika wima.

Mpaka hapa taswira tatu zimetoka kwenye kifaa, tumezikuta. Je, tunaweza kuzichagua wenyewe? Tuseme unataka kugeuza picha ya rangi kuwa picha ya nyeusi na nyeupe. Unaamua: nyekundu kamili iwe kijivu chenye mng'ao wa 0.21, maana yake taa zote tatu ziwashwe kwa 0.21. Kijani iwe kijivu cha 0.72. Bluu iwe kijivu cha 0.07. Umetoa maagizo matatu tu, na swali ni kama upo mgeuzo wa mstari unaoyatimiza yote kwa pamoja.

Upo, na unaujenga hivi. Chukua rangi yoyote, soma r, g na b zake, kisha uipe taswira hii: mara r ya kijivu cha kwanza, jumlisha mara g ya cha pili, jumlisha mara b ya cha tatu. Ukijumlisha rangi mbili, r zao zinajumlishwa, g zao vivyo hivyo, na b zao, kwa hiyo taswira zao nazo zinajumlishwa. Ukipunguza rangi nusu, r, g na b zote zinapungua nusu, na taswira inafuata. Masharti yote mawili yametimia, na hatukuuliza hata mara moja kama vijivu ulivyochagua vinafaa. Ungeagiza nyekundu iwe bluu, kijani ibaki kijani na bluu iwe nyekundu, ujenzi ungekuwa uleule. Uhuru wa kuchagua ni kamili, na kila chaguo linazaa mgeuzo mmoja tu, si zaidi.

Kilichotuwezesha ni kwamba kila rangi ya kioo ina r, g na b za aina moja pekee. Kama tungeingiza njano kwenye orodha kama taa ya nne na kuipa taswira yake tuliyoitaka, njano ingekuwa na maelezo mawili, kama njano moja na kama nyekundu moja jumlisha kijani moja, na maelezo hayo mawili yangeweza kutupa majibu mawili yanayogombana. Msingi mzuri una sifa mbili kwa pamoja: unatosha kuunda kila kitu, na hauna hata kimoja cha ziada.

Angalia picha yetu ya kijivu kidogo zaidi. Nyeupe inakwenda 0.21 jumlisha 0.72 jumlisha 0.07, yaani 1, kwa hiyo nyeupe inabaki nyeupe. Njano inakwenda 0.93. Ndiyo sababu maandishi ya njano juu ya karatasi nyeupe hupotea kabisa unapoyatoa kwa mashine ya nyeusi na nyeupe. Vijivu vitatu tulivyochagua viko kwenye mstari mmoja kutoka nyeusi hadi nyeupe. Kila kimoja ni kizidisho cha mwenzake. Hilo halivunji chochote. Uhuru wa vekta, yaani kutoweza kuundwa kwa nyingine, unadaiwa upande wa kuingilia, haudaiwi upande wa kutokea. Gharama yake ni kwamba huwezi kurudi nyuma: kijivu cha 0.21 kinaweza kuwa kilitoka kwenye nyekundu kamili au kwenye kijani iliyofifishwa, na picha yenyewe haina tena ushahidi.

Mara nyingi, hata hivyo, taswira unazopewa si za msingi uliouzoea. Tuseme fundi amepokea karatasi ya vipimo kutoka kwa mwenzake, na mwenzake huyo hakupima taa moja moja. Alipima njano, ambayo ni nyekundu na kijani pamoja, akapata (0.77, 0.93, 0.14). Alipima majenta, ambayo ni nyekundu na bluu, akapata (0.59, 0.28, 0.97). Alipima samawati, ambayo ni kijani na bluu, akapata (0.54, 0.79, 1.07). Kioo hakipo tena. Je, namba tisa za mwanzo zimepotea?

Kwanza fundi anauliza kuhusu rangi zenyewe kabla ya kugusa vipimo: nyekundu inaundwaje kwa njano, majenta na samawati? Njano jumlisha majenta inatoa nyekundu mbili, kijani moja na bluu moja. Toa samawati, na kijani na bluu zinaondoka. Zinabaki nyekundu mbili. Gawanya kwa mbili. Usisumbuke kwamba kioo hakiwezi kutoa nuru hasi. Kutoa kunafanyika kwenye karatasi, na masharti yetu mawili yanaruhusu vizidishi hasi.

Kisha anafanya kitendo hichohicho kwenye vipimo. Kwa X: 0.77 jumlisha 0.59 toa 0.54 ni 0.82, nusu yake 0.41. Kwa Y: 0.93 jumlisha 0.28 toa 0.79 ni 0.42, nusu yake 0.21. Kwa Z: 0.14 jumlisha 0.97 toa 1.07 ni 0.04, nusu yake 0.02. Nyekundu imerudi: (0.41, 0.21, 0.02). Kijani ni njano toa nyekundu, yaani (0.36, 0.72, 0.12). Bluu ni majenta toa nyekundu, yaani (0.18, 0.07, 0.95). Matriki yote ipo mezani. Njano, majenta na samawati ni msingi halali kama ulivyo ule wa kwanza.

Sasa tuseme mwenzake alipima nyeupe, njano na bluu. Hizi nazo ni rangi tatu, na kwa macho zinatofautiana sana, pengine kuliko zile za kwanza. Lakini jaribu kuitoa nyekundu humo. Katika nyeupe, nyekundu na kijani zinawaka sawasawa. Katika njano pia. Katika bluu zote mbili zimezimwa, kwa hiyo zinalingana tena. Vyovyote utakavyozijumlisha, kuzitoa au kuzizidisha, nyekundu na kijani zitatoka zikiwa na kiasi kilekile, na nyekundu peke yake haitapatikana kamwe. Sababu ni kwamba nyeupe ni njano jumlisha bluu. Kipimo cha tatu hakikuleta habari mpya.

Karatasi kama hiyo ina hatima mbili. Ikiwa kipimo cha nyeupe ni jumla kamili ya kipimo cha njano na cha bluu, basi ipo migeuzo mingi isiyo na idadi inayokubaliana na karatasi, kwa sababu mng'ao wa 0.93 wa njano unaweza kugawanywa kati ya nyekundu na kijani kwa namna yoyote. Ikiwa hakilingani na jumla hiyo, hakuna mgeuzo wa mstari hata mmoja unaokubaliana nayo. Kwa hiyo mtu akikupa vekta na taswira zake na kukuambia ujenge mgeuzo, kazi ya kwanza ni kuangalia kama vekta alizokupa ni huru. Taswira zinaweza kungoja.

Yote haya yamesimama juu ya masharti mawili, na kioo halisi kinaweza kuyavunja. Kosa linalotokea zaidi kuliko yote ni kudhani kwamba namba 128 kwenye faili la picha ni nusu ya nuru ya 255. Sivyo. Katika sRGB, ngazi 128 inatoa takriban asilimia 22 ya nuru, na ili upate nusu unahitaji ngazi ya karibu 188. Namba za faili zimepindwa makusudi ili ngazi nyingi ziangukie kwenye giza, ambako jicho hubagua vizuri. Kwa hiyo rangi iliyoandikwa (255, 128, 0) si chungwa letu lenye mng'ao wa 0.57. Mng'ao wake ni 0.21 jumlisha asilimia 22 ya 0.72, yaani karibu 0.37. Matriki haina kosa. Aliyeitumia ameilisha namba za faili badala ya kiasi cha nuru.

Unaweza kuliona kwa macho yako kwenye kompyuta. Chora mistari myembamba ya pikseli moja moja, nyeusi na nyeupe kwa kupokezana, na kando yake weka miraba miwili ya kijivu, mmoja wa ngazi 128 na mwingine wa 188. Hakikisha picha inaonyeshwa kwa ukubwa wake halisi, kisha rudi nyuma mpaka mistari iyeyuke. Italingana na mraba wa 188, na ule wa 128 utaonekana mweusi mno. Programu inayopunguza picha kwa kutafuta wastani wa namba za faili inafanya kosa hilohilo, na ndiyo maana picha yenye michoro midogo mikali wakati mwingine hutoka ikiwa imefifia baada ya kupunguzwa.

Kosa la pili linahusu giza. Mgeuzo wa mstari lazima upeleke sifuri kwenye sifuri: zidisha rangi yoyote kwa 0, na kipimo chake nacho kinazidishwa kwa 0. Lakini vioo vingi vya LCD vina taa ya nyuma inayovuja, na ukizima nyekundu, kijani na bluu zote bado kifaa kinasoma kitu. Uvujaji huo umeingia kwenye kila kipimo cha taa moja moja, na fundi akijumlisha vipimo vitatu atakuwa ameuhesabu mara tatu. Anaupima kwanza ukiwa peke yake, anautoa katika kila kipimo, anakokotoa kwa matriki, kisha anaurudisha mara moja mwishoni.

La tatu haliponyeki kwa hesabu hiyo. Ziko projekta ambazo gurudumu lake la rangi lina kipande cheupe kando ya nyekundu, kijani na bluu, na kipande hicho hutumika kuongeza mwanga rangi inapokaribia weupe. Pima nyekundu, kijani na bluu za projekta hiyo, ujumlishe, na jumla itakuwa ndogo kuliko nyeupe iliyopimwa moja kwa moja. Sharti la kwanza limevunjika, na hakuna matriki ya namba tisa itakayoieleza. Ndiyo sababu fundi makini hupima rangi ya nne, nyeupe, ingawa haihitaji. Jumla ya safu wima tatu kwenye kioo chetu ni (0.95, 1.00, 1.09), kifaa kikisoma hivyohivyo mbele ya nyeupe, anasaini. Kisiposoma hivyo, anaacha kukokotoa na kuanza kupima rangi moja baada ya nyingine.